Kwa nini daftari la mwanao halina jedwali la ngeli

Wazazi wapendwa wa Gredi ya 6,

Jumamosi ya mkutano wa wazazi, baba mmoja alinifuata hadi mlangoni mwa darasa akiwa na daftari la binti yake mkononi. Alilifungua katikati, akalifunga, akalifungua tena. "Mwalimu," akaniambia, "huu ni muhula wa pili na sijaona ngeli hata moja humu. Sisi tulikuwa na jedwali zima ukutani. A-WA, KI-VI, LI-YA, tunaimba kila asubuhi. Huyu mtihani atauingia na nini?"

Nilimjibu harakaharaka kwa sababu wazazi wengine walikuwa wakisubiri, na niliona usoni mwake kwamba hakuridhika. Alistahili jibu kamili, na najua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Ndiyo maana naandika.

Nitaeleza jambo moja tu, upatanisho wa ngeli, kwa sababu ndipo watoto wetu wa Nairobi wanapoteleza zaidi, na ndipo tofauti ya njia mbili za kufundisha, ya jedwali na ya kusoma na kuandika, inapoonekana wazi.

Kuna mvulana mmoja darasani ambaye mama yake ameniruhusu nieleze kisa chake bila kumtaja jina. Mwezi wa Februari niliwapa wanafunzi zoezi la kujaza mapengo, sentensi ishirini za aina ya "Kitabu ch___ ___mepotea." Mvulana huyu alipata 18. Ukimwuliza, alikutajia ngeli zote kwa mfululizo, umoja na wingi, bila kukwama. Wiki iyo hiyo nikawaambia waandike nusu ukurasa kuhusu kitu walichowahi kupoteza. Yeye akaandika hivi:

"Kitabu changu cha Sayansi ambacho mwalimu alitupa wiki iliyopita na mama akanisaidia kuifunika na gazeti ilipotea. Niliitafuta kila mahali. Rafiki wangu aliniambia ameiona kwa dawati ya nyuma lakini nikienda haikuwa."

Tafadhali isome tena polepole, kwa sababu makosa yake yana mpangilio. "Changu" ni sawa. "Cha" ni sawa. "Ambacho" ni sawa. Halafu mwalimu anaingia, wiki iliyopita inaingia, mama anaingia, na kalamu inaporudi kwenye kitabu inaandika "kuifunika", kisha "ilipotea", "niliitafuta", "ameiona", "haikuwa". Mara tatu za kwanza, jirani kabisa na neno "kitabu", amepatia. Mara tano zilizofuata, kitabu kilipokuwa mbali, amekosea zote, tena kwa kosa lilelile.

Mtoto huyu hajasahau ngeli. Angesahau, angekosea ovyo, hapa hivi na pale vile. Alichofanya ni kurudi kwenye lugha anayoizungumza. Katika Kiswahili cha mitaani hapa Nairobi, kitu kimoja kisicho na uhai ni "hii", na vikiwa vingi ni "hizi". Hii kitabu, hii mti, hii gari. Hizi vitabu, hizi miti, hizi magari. Ni utaratibu kamili, una kanuni zake na watoto hawazivunji. Ni kama mtu achukue ngeli ya I-ZI aivute hadi ifunike vitu vyote. Mvulana wetu ameusikia utaratibu huo tangu anajifunza kutembea, nyumbani, kwenye ploti, ndani ya matatu. Upo mdomoni mwake tayari. Jedwali la ngeli lipo mahali pengine kichwani, mahali ambapo ni lazima uende ukalitafute, na mtu anayeandika akiwaza kitabu chake kilichopotea hana nafasi ya kwenda na kurudi kwa kila kitenzi.

Zoezi la mapengo linalificha jambo hili. Pengo liko karibu na nomino, sentensi ina maneno matatu au manne, na mtoto anajua kwamba leo tunatafuta ngeli. Anapata 18, mzazi anafurahi, mwalimu anafurahi. Insha haina pengo la kumwonyesha pa kufikiri.

Sasa tazama "rafiki wangu". Hapa mtaa hauna hatia hata kidogo, kwa sababu mtaani watu husema "rafiki yangu". Kosa hili limeletwa na jedwali. Jedwali linasema rafiki yuko ngeli ya A-WA: rafiki amekuja, marafiki wamekuja. Mtoto mwerevu, anayefuata kanuni aliyopewa, anaona kwamba mtoto ni wangu na mwalimu ni wangu, kwa hiyo rafiki naye lazima awe wangu. Lakini Kiswahili husema rafiki yangu, dada yake, mama yetu, ndugu zao, ilhali kitenzi kinabaki palepale kwenye A-WA: rafiki yangu amekuja, ndugu zao wamefika. Ningeweza kumwandikia kanuni nyingine ya kurekebisha hiyo ya kwanza. Kisha angeandika "kijana kile kimekuja", kwa kuwa kijana anaanza na ki-, nami ningemwongezea ya tatu. Mtoto aliyekutana na "rafiki yangu" na "kijana yule" mara mia katika hadithi hahitaji hata moja kati ya hizo. Ukimwekea "rafiki wangu" mbele yake, atakunja uso kabla hajajua kwa nini.

Najua pia mlikotoka, maana ndiko nilikotoka mimi. Tulifanya KCPE, na karatasi ya Lugha ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Kwa karatasi ile, jedwali la kichwani lilikuwa silaha nzuri: unaliona swali, unaitafuta ngeli, unachagua herufi. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Hata hivyo, hata zamani hizo insha ilikuwa karatasi ya peke yake, na wengi wetu tunakumbuka tulivyopata alama nzuri za lugha na za insha zikatuangusha. Walimu wetu walituambia hatuna mawazo. Nikiyasoma leo madaftari ya watoto wenye shida hiyo, mawazo nayaona yamejaa.

Jambo hili limechunguzwa kwingine pia. Mwaka 1976 mtafiti wa elimu Warwick Elley na wenzake huko Nyuzilandi walichapisha matokeo ya kuwafuata wanafunzi wa sekondari kwa miaka mitatu. Makundi mawili yalifundishwa sarufi kwa namna mbili tofauti, na la tatu likaacha sarufi rasmi, muda wake likautumia kusoma na kuandika zaidi. Mwishoni, uandishi wa makundi yote haukuwa na tofauti ya maana. Wale waliosoma sarufi miaka mitatu hawakuandika vizuri kuliko ambao hawakuisoma. Sitaki kuunyoosha utafiti huu kupita urefu wake: ulihusu Kiingereza, lugha ambayo haina ngeli kama zetu. Ninachokichukua kutoka kwake ni hiki tu, kwamba kanuni kukaa kichwani si sawa na kanuni kufika kwenye kalamu. Mengine yote nayasema kutokana na madaftari ninayoyasahihisha.

Basi, darasani tunafanya nini?

Tunaanza na kifungu kifupi, maneno kama mia moja, kinachozungumzia kitu kimoja. Tunakisoma kwa sauti, kwanza kwa ajili ya habari yenyewe. Nani alifanya nini, kwa nini, ikawaje. Hapo sisemi lolote kuhusu ngeli, kwa sababu mtoto asiyeelewa anachosoma hawezi kuona maneno yanavyoshikana. Kisha tunarudi kwenye sentensi moja. Ya mwezi Machi ilikuwa hii:

"Kiti kile cha babu kilichovunjika mguu mwaka jana kimetengenezwa, na sasa kimesimama chenyewe pale barazani."

Kila mtoto anachukua penseli, anapiga mstari chini ya "kiti", kisha anakifuata kiti hicho ndani ya sentensi hadi mwisho, akizungushia duara kila kipande kinachokitii. Kile. Cha. Halafu "kilichovunjika", na hapa darasa huwa na kelele, kwa sababu nusu wanaona ki- ya mwanzo tu na nusu wengine wanapiga kelele kwamba ndani yake kuna -cho- pia. Kimetengenezwa. Kimesimama. Chenyewe. Wakihesabu wanapata mara saba. Sentensi moja, kiti kimoja, na kiti kimejitangaza mara saba.

Kisha tunakiondoa kiti, tunaleta meza. Sentensi haibadiliki maana, ila kila duara lazima libadilike: meza ile ya babu iliyovunjika mguu mwaka jana imetengenezwa, na sasa imesimama yenyewe pale barazani. Watoto huipenda hii kwa sababu ni rahisi mno. Inatoka yenyewe. Nawauliza kwa nini meza ni rahisi na kiti ni kigumu, na mwaka huu msichana mmoja alijibu kabla ya wengine: "Kwa sababu meza inaongea kama sisi." Hakuna jedwali ambalo lingempa jibu hilo. Amegundua kwamba lugha ya mtaani kwao si upuuzi, ni ngeli moja halali ya Kiswahili iliyovuka mpaka wake, na kazi yake sasa ni kuirudisha kwa meza, nyumba na kalamu, kisha viti na miti vipewe vya kwao. Baada ya meza tunaleta kabati: kabati lile la babu lililovunjika mguu. Hapo ulimi unagoma, na ndipo tunapokaa siku mbili nzima.

Jina la ngeli nalitaja mwisho, watoto wakiwa wameshauona mwenendo wake na kuueleza kwa maneno yao. Kwa hiyo yule baba aliyeniuliza, jina KI-VI tulilitamka na lipo daftarini, lakini limeandikwa chini ya ukurasa, kwa mwandiko wa mtoto, likifuata sentensi alizozifuata yeye mwenyewe. Ndiyo sababu hukuliona ulipotafuta jedwali.

Kutoka hapo tunaunganisha sentensi. Nawapa tatu fupi: Kiti kilivunjika. Kiti kilikuwa cha babu. Fundi alitengeneza kiti. Wanatakiwa wanipe moja. "Fundi alikitengeneza kiti cha babu kilichovunjika." Au: "Kiti cha babu kilichovunjika kilitengenezwa na fundi." Zote mbili ni sahihi, na tunajadili ipi inafaa wapi. Zoezi hili nalithamini kuliko yote kwa sababu linamlazimisha mtoto aandike sentensi ndefu, na sentensi ndefu ndiyo inayompeleka mbali na nomino, pale ambapo mvulana wetu alipotelea.

Mwishoni wanaandika insha zao, na hapa nafika kwenye jambo linalowakera wengi wenu. Mnaona insha imerudi nyumbani ina makosa ambayo sikuyagusa, mnadhani sikusoma. Nilisoma. Kila insha naisahihisha kwa jambo moja tulilokuwa tukilishughulikia wiki hiyo, na hata hilo silirekebishi mwenyewe. Naweka nukta pembeni mwa mstari. Nukta moja ina maana kosa moja la upatanisho liko kwenye mstari huo. Mtoto ndiye anayelitafuta, analirekebisha, na kuiandika sentensi nzima upya. Zamani nilikuwa naandika marekebisho yote kwa kalamu nyekundu. Watoto walikuwa wakitazama alama, wanafunga daftari, na wiki inayofuata kosa ni lilelile. Mimi ndiye niliyekuwa nikifanya mazoezi ya sarufi.

Maendeleo huja polepole, na kuna kipindi ambacho mtaona kama mambo yanaharibika. Mtoto aliyekuwa akiandika sentensi za maneno manne bila kosa anaanza kuandika za maneno ishirini zenye makosa matatu. Msishtuke. Katika madaftari ninayoyaona, upatanisho hutengemaa kwanza kwa maneno yaliyo jirani na nomino, kisha kwenye kitenzi, na mwisho kabisa kile kipande kidogo kinachoingia katikati ya kitenzi, kama "-ki-" katika "nilikitafuta". Ukiona mwanao sasa anapatia "kilipotea" ingawa bado anaandika "niliitafuta", ujue amesogea. Dalili ninayoiamini zaidi, lakini, haiko kwenye karatasi. Ni pale mtoto anaposoma insha yake kwa sauti, anafika kwenye "ilipotea", anasita, anarudi nyuma, na kusema "kilipotea" bila mtu kumwambia. Sikio limeanza kufanya kazi ambayo jedwali lilishindwa.

Si kila kitu kinafundishika hivi. Wapo watoto wanaosoma sana, wanameza hadithi, na bado hawaoni maneno yanavyopatana, kwa sababu macho yao yanakimbilia habari. Hao wanahitaji penseli na yale maduara kuliko wengine wote, na kusoma peke yake hakuwatoshi. Wapo pia wanaohamia kwetu wakiwa hawajazoea Kiswahili kabisa, na kwao jedwali dogo kwenye kadi huwasaidia kwa miezi ya mwanzo, kama mkongojo. Nawapa. Na istilahi zina wakati wake: wenye watoto wanaojiandaa kwa KCSE wanajua kwamba Karatasi ya 2 ina sehemu ya matumizi ya lugha yenye alama 40, na humo mtahiniwa huulizwa viambishi, vishazi na yambwa kwa majina yao. Majina hayo yatafundishwa. Ila karatasi ya insha nayo ina alama 40, na humo hakuna anayemwuliza mtoto jina la ngeli. Anaangaliwa kama ameitumia.

Nyumbani sitaki mnunue vile vijitabu vya mazoezi ya ngeli vinavyouzwa njiani. Ninachoomba ni dakika kumi jioni, mtoto asome kwa sauti na mtu mzima asikilize. Hadithi ya kitabu cha maktaba ya darasa, au habari moja ya Taifa Leo, hata ile ya michezo. Kama Kiswahili chako wewe mwenyewe ni kile cha "hii kitabu", usione haya na usiache kwa sababu hiyo. Huhitaji kumrekebisha. Muulize tu, kuhusu sentensi yoyote ndefu: hapa ni nini kilichovunjika? Ni nani aliyekuja? Atalazimika kurudi kuitafuta nomino. Na akizungumza na wenzake mtaani kwa lugha ya mtaani, mwacheni. Anajua yuko na nani.

Mvulana niliyeanza naye aliandika tena mwezi Juni. Safari hii kilichopotea kilikuwa mwavuli, ngeli nyingine kabisa:

"Mwavuli wa dada yangu ambao aliununua Gikomba ulibebwa na upepo tukiwa stejini. Nikaukimbilia lakini gari iliukanyaga kabla sijaushika."

Hesabuni wenyewe mara ngapi mwavuli umetiiwa, na ni umbali gani kutoka neno lenyewe hadi "sijaushika". Dada ni "yangu". Niliweka nukta moja tu, kwenye mstari wenye gari. Alikaa nayo muda, akisoma kwa midomo bila sauti, kisha akaja mezani kwangu na karatasi imeandikwa upya: "gari liliukanyaga".

Na kwako, baba uliyenifuata mlangoni: daftari la binti yako, ukurasa wenye tarehe ya Jumatatu, lina nukta nne pembeni. Tatu ameshazitafutia kosa lake. Ya nne bado. Mwombe akusomee mstari huo kwa sauti leo jioni, umsikilize hadi mwisho, na usimwambie jibu.

Mwalimu wenu wa Kiswahili,
Nairobi